Wasifu wa afisa ugani una wakulima 3,000: tuuamini?

Shikamoo mshauri. Mimi ni katibu wa ushirika wa wakulima wa muhogo hapa Mombasa. Tuna vikundi 12, saba Mwakirunge na vitano Mtongwe, na tumetangaza kazi ya afisa ugani mmoja. Tangazo linataka atembelee mashamba 40 kwa mwezi, afunze kila kikundi mara moja kwa mwezi, na alete ripoti ya mwezi kabla ya tarehe 5. Awe pia na leseni ya pikipiki.

Kuna wasifu mmoja umewateka wenzangu wote kwenye kamati. Mwombaji ana diploma ya kilimo, na kazi yake ya mwisho ilikuwa mradi mmoja wa muhogo huko Kilifi, Juni 2023 hadi Machi 2024. Ameandika hivi: "Nilifikia wakulima 3,000. Niliwapa mafunzo ya kilimo bora. Mavuno ya muhogo yaliongezeka kwa asilimia 60. Niliandaa ripoti kwa wakati. Nina ujuzi wa KoboToolbox." Yaliyobaki ni orodha ya semina na vyeti. Mwenyekiti anasema tumwite tumpe barua tu. Mimi naogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini sijui niulize nini.

Katibu, Kisauni

*

Marahaba, Katibu. Wasifu huu si wa kutupa, wala si wa kumpa mtu barua. Kabla hamjaugusa, pigeni kwanza hesabu ya tangazo lenu wenyewe, maana hiyo ndiyo itakayowapa kipimo cha kila anachodai.

Afisa anayetoka siku nne kwa wiki ana kama siku 17 za shambani kwa mwezi. Siku ya tano ni ya kupanga na kuandika. Siku yenye mafunzo, kikao humla asubuhi yote: kungoja watu wakusanyike, somo lenyewe, maswali, na daftari la mahudhurio. Mchana anaweza kupita kwa wanakikundi wawili walio karibu. Siku isiyo na mafunzo, mashamba manne yanatosha, kwa sababu ziara ya maana haipungui dakika 45. Lazima mtu aingie shambani, ageuze majani, ang'oe shina moja ikibidi, azungumze na mwenyewe na aandike alichoshauri. Kupiga hodi na kusalimia si ziara. Basi vikundi 12 vinachukua siku 12 na kutoa mashamba 24. Siku tano zilizobaki zinatoa mashamba 20. Jumla ni 44, nanyi mmetaka 40.

Kazi yenu inawezekana, ila imebana. Mvua ikiharibu siku mbili, au afisa akipangiwa Mwakirunge asubuhi na Mtongwe alasiri, akavuke kisiwa chote kisha asubiri feri ya Likoni, hesabu imevunjika. Kila upande muupe siku zake.

Sasa ile 3,000. Juni 2023 hadi Machi 2024 ni miezi 10, yaani wakulima 300 kwa mwezi. Kama anasema aliwatembelea mashambani kwao, hizo ni ziara 17 au 18 kila siku ya kazi. Hapo amepiga chuku, hakuna la kujadili. Lakini sidhani kama ndivyo alivyomaanisha. Inaelekea anahesabu vikao, na 300 kwa mwezi ni vikao 10 vya watu 30, jambo ambalo afisa mwenye bidii hulifanya.

Ugumu unaanzia hapa. Vikao 100 kwa miezi 10 vinaweza kuwa vikundi 100, kila kimoja kikakutana naye mara moja asirudi tena. Vinaweza pia kuwa vikundi 20 ambavyo kila kimoja alikirudia mara tano. Katika hali hii ya pili wakulima wenyewe ni 600 tu, na 3,000 ni jumla ya sahihi kwenye daftari. Miradi mingi huhesabu sahihi, kwa hiyo hapo hajadanganya. Na pengine sehemu kubwa ya hao 3,000 walikuwa kwenye baraza la chifu, wakasikia dakika 10 za muhogo kati ya mengine.

Kwenye karatasi, hali zote tatu husomeka 3,000. Kwa kazi yenu, ile inayoonekana ndogo, ya watu 600 mara tano, ndiyo yenye thamani. Nyinyi mnataka mtu atakayerudi kwenye vikundi vile vile 12 mwezi baada ya mwezi, na kurudi ni kugumu kuliko kuanza: mkulima atakuuliza mbona ushauri wa mwezi uliopita haukufaa, nawe huwezi kukimbilia kijiji kingine. Kwa hiyo swali la kwanza mumuulize hivi: vikundi vilikuwa vingapi, kila kimoja ulikutana nacho mara ngapi, na kati ya mara ya kwanza na ya mwisho wangapi walikuwa wamebaki? Aliyeifanya kazi hujibu papo hapo, na mara nyingi huanza na malalamiko. Atakwambia kikundi fulani kilianza na watu 32 kikabaki na 19 kwa sababu walitarajia kupewa mbegu za bure. Asiyeifanya hukurudisha kwenye 3,000.

Nililoliona zito kuliko yote ni asilimia 60, na hilo halihitaji hata kumwita mtu. Likabilisheni na msimu. Huku Pwani muhogo hupandwa zaidi mwanzo wa masika, ambayo hukolea Aprili na Mei, na tena mwanzo wa vuli kuanzia Oktoba. Alipoajiriwa Juni, upandaji wa masika ulikuwa umempita. Msimu wa kwanza aliowahi kuusimamia tangu kuchagua mbegu ni vuli ya 2023. Muhogo uliopandwa mwisho wa Oktoba ulikuwa na miezi mitano alipoondoka Machi, na hata mbegu za mapema huhitaji kama miezi minane. Kwa maneno mengine, mavuno ya muhogo aliowafunza watu kuupanda hakuyaona.

Hiyo asilimia 60 basi ilitoka wapi? Huenda ni ya muhogo uliopandwa kabla hajafika, au ni ya shamba la maonyesho la mradi peke yake, au wakulima waliulizwa mdomoni "mavuno yameongezeka?" wakamjibu mgeni kwa adabu. Huenda pia ni tarakimu ya mradi mzima iliyo kwenye ripoti ya mwisho, naye akaichukua. Hilo la mwisho ndilo linalotokea sana, na halimfanyi mtu kuwa tapeli. Linaonyesha tu kwamba hatofautishi alichokifanya yeye na kilichofanywa na mradi, na tabia hiyo itaingia kwenye ripoti zenu.

Mwambieni aeleze namna mavuno yalivyopimwa. Jibu mnalolitafuta linafanana na hili. Unapima mraba wa mita 5 kwa 5 katikati ya shamba, si pembeni ambako mashina hupata jua na nafasi zaidi. Kwa nafasi ya mita 1 kwa 1 humo mna mashina 25. Unayang'oa yote, unapima uzito wa viazi vyake, kisha unazidisha kwa 162 kupata ekari. Tuseme mwaka wa kwanza mraba ulitoa kilo 25, ni kilo 4,050 kwa ekari. Ukitoa kilo 40, ni kilo 6,480, na hapo ndipo asilimia 60 inapopatikana. Afisa mzuri ataongeza kwamba alipima zaidi ya mraba mmoja, na kwamba alivikata viazi kabla ya kuvipima, kwa sababu ugonjwa wa michirizi ya kahawia huozesha ndani huku nje kiazi kikiwa safi. Akiyataja hayo bila kusukumwa, mimi ningemsamehe mengi.

Kwenye mafunzo, "kilimo bora" halina maana yoyote mpaka aseme zao gani, somo gani, na alilifundishaje. Semina alizohudhuria zinaonyesha alivyofunzwa yeye. Kama alifunza, hazisemi. Kuhoji kwa maneno kutawachosha bure, kwa hiyo siku ya usaili mleteeni mafungu mawili ya miti ya muhogo na panga, muwakalishe wakulima sita au saba, mumpe dakika 20 awafundishe kuandaa mbegu.

Mtazameni mikono yake. Anapaswa kuchagua mti uliokomaa, aache ncha ya kijani ambayo hukauka haraka, na akate pingili za sentimita 20 hadi 30 zenye macho matano au zaidi. Fungu la pili mulichanganye miti kutoka shamba lenye ugonjwa, iliyo na alama za kahawia kwenye gome. Msimwambie. Akiikata akaiweka pamoja na mizima, mmepata jibu, maana michirizi ya kahawia na batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, huenezwa na inzi weupe na vile vile na mbegu yenyewe, na afisa asiyekagua mbegu anaweza kuupeleka ugonjwa kwenye vikundi vyote 12 kwa msimu mmoja. Mkimaliza, msisahau kuichoma hiyo miti, isije ikaokotwa na mtu akaipanda.

La pili la kutazama ni nani anashika panga. Akikata mwenyewe dakika zote 20 huku wenzake wakitazama, huyo ni mhadhiri. Mwalimu wa shamba darasa hukata pingili mbili, humpa mkulima panga, hukaa kimya mkulima anapokosea, kisha huwauliza wengine wameona nini. Mwishoni mtegeni kwa swali moja dogo: ekari moja itataka pingili ngapi? Kwa mita 1 kwa 1 ni kama 4,000. Aliyewahi kupanga mbegu za kikundi ana jibu hilo mdomoni.

Kuhusu ziara, wasifu wake haujasema neno, nalo ndilo dai kubwa la tangazo lenu. Msimjazie nyinyi. Wajumbe wa kamati wana mazoea ya kusoma "nilifikia wakulima" na kuiwekea alama chini ya ziara na tena chini ya mafunzo, mstari mmoja ukalipwa mara mbili. Muulizeni aliandika ziara zake wapi. Kawaida kuna kitabu chenye nakala ya kaboni au fomu: tarehe, saa ya kufika, kilichoonekana, ushauri uliotolewa, tarehe ya kurudi, na sahihi ya mkulima anayebakiziwa nakala. Kisha mumwambie achague shamba moja alilolirudia na aseme alishauri nini mara ya kwanza, na alikuta nini mara ya pili. Wengi husema "nilikuta ameboresha". Jibu lenye uhai ni kama hili: nilimwambia ang'oe mashina yenye batobato, nikarudi nikakuta ameng'oa nusu tu kwa sababu mengine mama alikuwa akichuma kisamvu, tukakubaliana aanze na yaliyo karibu na shamba la mbegu.

Ripoti "kwa wakati" ni dai la tarehe tu. Mnaweza kumwomba sampuli, lakini ripoti ni mali ya mwajiri wa zamani, na orodha ya wakulima yenye majina, simu na namba za vitambulisho inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Akiwatumia orodha hiyo wazi wazi bila kufuta majina, msifurahi. Ndivyo atakavyozitoa za wakulima wenu. Akisema hana ruhusa, hiyo isimpunguzie alama.

Njia salama ni kumwandalia nusu ukurasa wa maandishi ghafi ya mwezi wa kubuni: vikao 12 vilipangwa, vilifanyika 9, mahudhurio haya na haya, mashamba 34, inzi weupe wengi mahali pamoja, pikipiki ilikaa gereji siku mbili. Humo mfiche kosa moja, kwa mfano jumla ya wanawake na wanaume isiyolingana na mahudhurio. Mpeni dakika 45 aandike ripoti ya ukurasa mmoja. Ripoti nzuri itaweka kilichopangwa kando ya kilichofanyika, itasema kwa nini vikao vitatu havikufanyika na vitafidiwa lini, na itawauliza nyinyi kuhusu ile jumla. Mbaya itaandika kwamba shughuli zilikwenda vyema, na zile tarakimu atazirekebisha kimya kimya zipate kulingana. Huyo wa kurekebisha kimya kimya mimi simtaki, hata akiwa ameng'ara kwingine kote.

Mkibahatika kuona ripoti yake ya Novemba 2023, mna kipimo kingine cha bure. Vuli ile ilikuwa ya El Niño, na Pwani ilipata mvua kubwa na mafuriko. Ripoti ya mwezi huo inayosema vikao vyote 10 vilifanyika kama vilivyopangwa inahitaji maelezo.

KoboToolbox, programu ya kukusanya data kwa fomu za simu, ni rahisi kuijaribu, kwa kuwa "ujuzi" huweza kumaanisha kujaza fomu aliyotengenezewa na mtu mwingine. Mwombeni atengeneze fomu ya ziara yenye maswali sita, aijaze kwenye simu bila mtandao, kisha aitume na awaonyeshe data ilivyoingia. Halafu muulizeni kuhusu safu za `start`, `end` na `_submission_time`. Fomu iliyopangwa kurekodi muda huonyesha ilifunguliwa saa ngapi na ikafungwa saa ngapi. Kutumwa saa tatu usiku si hoja, huenda shambani hakukuwa na mtandao. Lakini fomu nane zilizofunguliwa zote kati ya saa mbili na saa tatu usiku, kila moja kwa dakika nne, zilijazwa sebuleni. Anayeifahamu Kobo kikweli atawaeleza tofauti hiyo mwenyewe.

Leseni ya pikipiki hajaitaja. Muulizeni kwa simu leo kabla ya lolote, kwa kuwa leseni ya daraja B ya gari haimruhusu kuendesha pikipiki. Anatakiwa daraja A2. Tangazo limesema ni sharti, basi lisiwe sharti kwa waombaji wengine na hiari kwake.

Kwa karatasi aliyowaletea, mimi ningempa hivi. Ziara, sifuri kwa sasa, kwa kuwa hakuna alichoandika. Mafunzo, nusu ya alama: tarakimu ipo na inawezekana, ila haijulikani ni watu 600 au 3,000. Ripoti, chini ya nusu, na asilimia 60 inamshusha. Hizo zinatosha kumwita kwenye usaili, pamoja na wengine wawili watatu. Na wasifu mwembamba ulioandika "vikundi 8, kila wiki mbili, Ganze, pojo na muhogo" mkiwa nao kwenye lundo, uutoeni muusome upya kwa kipimo hiki hiki. Mimi ningeuweka juu ya huu.

Wadhamini, msitosheke na meneja wa mradi, ambaye huenda alikaa ofisini na kupokea ripoti tu. Mwombeni mwombaji awape, kwa idhini ya mwenyewe, simu ya mwenyekiti wa kikundi kimojawapo alichokifunza. Msimuulize kama afisa alikuwa mzuri, atamvika kilemba cha ukoka. Muulizeni alikuja mara ngapi baada ya kupanda, aliwaonyesha nini kwa mikono yake, na mlipokuwa na tatizo mlimpata vipi.

Akipita yote, andikeni kipindi cha majaribio kwenye mkataba. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu hadi miezi sita. Miezi mitatu ya kwanza, katibu uchague ziara nne kutoka kwenye fomu zake kila mwezi, uwapigie wakulima hao wewe mwenyewe, na afisa ajue tangu siku ya kwanza kwamba utawapigia.